Hasira hasara: daftari la wifi yangu na mahindi ya Mishamo

Wiki hii naingia ndani ya nyumba ya kaka yangu, kwa ruhusa yake na ya mkewe. Wanaishi Mishamo, huko kaskazini mwa Mpanda, na mimi nipo hapa mjini. Nimewaomba niwasimulie habari ya fedha yao kwa sababu barua na ujumbe wa simu ninaopata kwenye ukurasa huu mara nyingi huishia kwenye jambo hilohilo: baba au mama alifanya biashara, akapata hasara, na badala ya kusimama akakimbilia nyingine ili kuirudisha. Ile ya pili ndiyo iliyoivunja nyumba.

Wengi wenu mnaijua Mishamo. Ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Walipewa msitu, wakafyeka, wakalima. Wengi wao na watoto wao wamekuwa raia wa Tanzania, na vyeti vya uraia vilitolewa kuanzia mwaka 2014. Fedha ya kule inatoka kwenye jembe: mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Kwa hiyo nikisema kaka alikuwa na mtaji wa shilingi 3,000,000, jueni kwamba ni mavuno ya miaka kadhaa.

Mwaka huo aliamua asiishie kulima. Akanunua mahindi ya majirani wakati wa mavuno, ayaweke, ayauze bei ikipanda. Ni biashara ya kawaida, na alianza vizuri.

Alivyoanza vizuri

Julai gunia la kilo 100 lilikuwa shilingi 40,000. Alinunua magunia 40 kwa 1,600,000. Magunia matupu, dawa ya wadudu, wabebaji na usafiri vilimla kama shilingi 3,000 kwa kila gunia, yaani 120,000. Fedha iliyobaki, 1,280,000, hakuigusa.

Oktoba malori yalipoanza kuingia, aliuza yote kwa 55,000. Akapata 2,200,000. Ukijumlisha na ile aliyobakiza, mkononi alikuwa na 3,480,000. Faida safi ilikuwa 480,000 ndani ya miezi mitatu. Wifi yangu alinunua mabati kumi kwa fedha yake mwenyewe ya mihogo na akaniambia kwa simu, "Wifi, mwaka huu tunaezeka jiko."

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipokuwa umetegwa.

Hofu ya kupitwa

Wiki moja baada ya kaka kuuza, bei ilifika 60,000. Ya pili ikafika 66,000. Majirani waliokuwa bado na mzigo walikuwa wanacheka barabarani. Mmoja akamwambia, "Wewe uliuza kama unafukuzwa." Kaka hakuwa amepoteza hata senti. Lakini usiku alikuwa anapiga hesabu ya fedha ambayo hakuipata: magunia 40 mara shilingi 11,000. Akaiona kama 440,000 iliyoibwa mfukoni mwake.

Hii ndiyo hofu ya kupitwa, na ina sura mbili. Moja ni kuona mwenzako anapata wakati wewe unatazama. Nyingine ni kujiona umetoka mapema mno. Zote mbili zinakusukuma uingie sokoni kwa sababu bei *imeshapanda*. Sababu hiyo ndiyo mbovu kuliko zote, kwa kuwa faida ya kupanda huko imeshachukuliwa na wale walionunua chini. Wewe unakuja kununua kwao.

Alama yake ni rahisi kuitambua. Muulize anayetaka kununua: "Nani atayanunua haya kwako, kwa bei gani, na lini?" Akijibu, "Bei inapanda tu, wote wananunua," hana mnunuzi. Ana hofu.

Kaka alichukua 3,480,000 yake yote. Akakopa 1,200,000 kutoka kikoba cha pale kijijini, arudishe 1,320,000 baada ya miezi mitatu. Akanunua magunia 65 kwa 66,000, jumla 4,290,000. Gharama zake zikawa 195,000. Mkononi zikabaki 195,000.

Muone tofauti. Julai, bei ikiwa chini, alitumia karibu nusu tu ya mtaji. Oktoba, bei ikiwa juu, alitumia karibu mtaji wote na deni juu yake. Hivyo ndivyo hofu ya kupitwa inavyofanya kazi: inakupa mzigo mdogo kwenye bei nzuri na mzigo mkubwa kwenye bei mbaya.

Soko halikujui

Mwezi uliofuata malori yakapungua, kisha yakaacha kuja. Bei ikashuka 58,000, halafu 52,000.

Mahindi yana tabia hiyo, na mkulima hahitaji kuwa amekosea chochote. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na katika mikoa yenye ziada waliokuwa wamejaza maghala wakisubiri wanunuzi wa nje wakabaki na mzigo wao. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Zuio lile lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti, lakini mwenye lori mpakani siku zile alikuwa ameshaumia. Bei ya gunia Mishamo inaweza kuamuliwa na karatasi iliyosainiwa mji ambao hujawahi kufika.

Wifi akamwambia, "Baba, tuuze tulipe kikoba." Kaka akajibu, "Nauza ikirudi sitini na sita." Namba hiyo haikuwa na maana yoyote kwa soko. Ilikuwa na maana kwake tu, kwa sababu ndiyo bei aliyonunulia.

Watafiti wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka 1979 jinsi binadamu anavyopima faida na hasara. Hasara ya shilingi elfu kumi inauma kuliko furaha ya kupata elfu kumi, karibu maradufu kwa vipimo vyao vya baadaye. Na mtu aliye ndani ya hasara yuko tayari kucheza bahati nasibu ambayo angeikataa kama angekuwa kwenye faida, ili mradi tu iwepo nafasi ya kurudi pale alipokuwa. Kaka hakuwa mjinga. Alikuwa mtu.

Akasubiri hadi Januari. Dumuzi, huyu tunayemwita skania, akaingia kwenye magunia ambayo dawa yake ilikuwa imekwisha nguvu, na magunia matatu yakawa unga. Mvua ikaharibu barabara. Akauza magunia 62 kwa 50,000. Akapata 3,100,000, na zile 195,000 zikafanya 3,295,000. Toa deni la kikoba, 1,320,000. Fedha yake halisi ilikuwa 1,975,000.

Ilikuwa hasara ya kuumiza, ila ilikuwa inabebeka. Angelipa deni, alime msimu wake, Julai aanze tena na karibu milioni mbili.

Kulipiza kisasi

Hakulipa deni. Wiki ileile aliyouza mahindi alisikia kuwa maharage yanatafutwa mjini. Wifi anasema alimwona anavaa viatu huku anaongea peke yake. "Soko limenila, na soko litanirudishia," ndivyo alivyosema.

Hiyo ndiyo kulipiza kisasi kwa soko. Mtu anapigana na bei kama vile bei ni jirani aliyemkosea. Utaitambua kwa dalili tatu. Ya kwanza ni haraka: biashara mpya inaanza siku au wiki ileile ya hasara. Ya pili ni ukubwa: mzigo mpya ni mkubwa kuliko uwezo, kwa sababu lengo ni kurudisha yote kwa mkupuo. Ya tatu ni kwamba hesabu inaanzia kwenye hasara. Mtu haulizi, "Maharage haya yatanipa nini?" Anauliza, "Maharage haya yatanirudishia ile milioni na nusu?"

Alinunua magunia 16 ya maharage kwa 200,000, jumla 3,200,000. Zile 95,000 zilizobaki zikaenda kwenye usafiri. Alinunua jioni, kwa watu watatu tofauti, bila kufungua kila gunia. Kila mtoto wa Mishamo anajua kipimo cha chumvi: weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, punje bado zina maji. Kaka anakijua kipimo hicho tangu utotoni, na siku hiyo hakukitumia. Yalikuwa maharage mapya ya mvua, tena aina mbili zimechanganywa. Mjini mnunuzi aliyamwaga chini, akayatazama, akasema 155,000. Kaka akachukua.

Akapata 2,480,000. Akalipa kikoba 1,320,000. Ikabaki 1,160,000.

Oktoba alikuwa na 3,480,000. Ukigawa mara tatu unapata 1,160,000 kamili. Kati ya kila shilingi tatu, mbili zilikuwa zimeondoka. Na ili arudi pale alipokuwa, ilimbidi azizidishe zilizobaki mara tatu. Hasara haina njia ya kurudi iliyo sawa na njia ya kwenda. Ukipoteza robo ya mtaji, unahitaji faida ya theluthi ya kilichobaki ili urudi. Ukipoteza nusu, unahitaji kuuzidisha uliobaki mara mbili. Ndiyo maana kisasi kinazidi kuwa kikubwa kila raundi.

Mabati yale kumi wifi aliyauza yeye mwenyewe, kwa ajili ya ada ya mtoto wa kidato cha pili. Kwa miezi miwili kaka na mkewe walizungumza kupitia watoto: "Mwambie baba yako chakula kipo." Nilikwenda mwezi wa tatu, na sikukaribishwa na kelele kama kawaida.

Daftari

Wifi hakugombana. Alinunua daftari la kurasa mia moja, akasubiri mpaka msiba wa fedha utulie, kisha jioni moja akaliweka mezani. Kwenye jalada aliandika maneno mnayoyaona kwenye maduka mengi: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sheria tano. Waliziandika pamoja, na mimi nilikuwepo. Nazinakili hapa kama zilivyo, kisha nieleze.

*1. Ada, chakula, mbegu na mbolea si mtaji. Mkopo si mtaji wa kununua mazao ya kuuza.*

*2. Hatununui kabla ya kuandika: bei ya kununua, gharama, bei ya kuuza, bei ya kukubali hasara, na tarehe ya mwisho. Mzigo mmoja usiweze kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mtaji.*

*3. Bei ikipanda kupita tuliyoandika, tunasubiri siku saba na kuuliza wanunuzi watatu.*

*4. Baada ya hasara, siku kumi na nne hakuna kununua. Mzigo unaofuata ni nusu.*

*5. Saini mbili. Sheria hazibadilishwi tukiwa na mzigo ghalani.*

Sheria ya kwanza haihitaji maneno mengi. Mkopo una tarehe, na mahindi hayana. Kaka angeweza kuvumilia bei ya chini, lakini kikoba hakikuweza kumvumilia kaka.

Sheria ya pili ndiyo moyo wa daftari, na ndiyo watu wengi wanaikosea. Wanaanza kwa kuuliza, "Nina fedha za magunia mangapi?" Daftari linaanza upande wa pili: "Niko tayari kupoteza kiasi gani?" Tuirudishe ile Oktoba tuone. Mtaji 3,480,000, sehemu ya kumi ni 348,000. Gunia ni 66,000 na gharama 3,000, jumla 69,000. Tuseme bei ya kukubali hasara ni 58,000. Kila gunia litapoteza 11,000 likiuzwa hapo. Gawa 348,000 kwa 11,000 unapata magunia 31. Hayo ndiyo aliyoruhusiwa, na yangegharimu 2,139,000 bila mkopo wowote. Mambo yalipoharibika angeuza kwa 58,000, akapoteza 341,000, akabaki na 3,139,000. Angesononeka wiki moja, na mabati yangebaki.

Bei ya kukubali hasara isichaguliwe kwa huruma. Wao wanaangalia bei ambayo mahindi yalikuwa yakiuzwa kabla ya kupanda. Ikirudi pale, sababu ya kununua imekufa, na hakuna cha kusubiri. Wala isiwekwe karibu mno, kwa sababu bei ya kijijini hucheza elfu moja au mbili kila wiki bila maana yoyote, na utauza kwa hofu kila mara inapokohoa.

Hapa niseme ukweli kuhusu kikomo cha sheria hii. Mazao si kitufe cha simu. Huwezi kuuza magunia 31 asubuhi ileile bei inapogusa 58,000. Unatafuta mnunuzi, unabeba, unasubiri lori. Bei inaweza kuruka kutoka 60,000 hadi 54,000 bila kupita hapo katikati. Kwa hiyo waliongeza mstari: bei ikifika, wana siku tatu za kuuza kwa yeyote anayelipa taslimu, hata kama ni chini kidogo. Na bei inayohesabika ni ile ya mnunuzi mwenye fedha mkononi. Ya kwenye stori za kijiweni haiandikwi.

Sheria ya tatu ni ya hofu ya kupitwa. Siku saba ni muda wa kutosha kwa joto kushuka, na maswali kwa wanunuzi ni mafupi: leo unachukua magunia mangapi, kwa bei gani, unalipa lini? Wakijibu wote watatu kwa namba, kuna soko. Wakisema, "Wewe leta tu, tutaongea," hakuna.

Sheria ya nne ni ya kisasi. Siku kumi na nne si adhabu. Katika wiki mbili deni linalipwa, hesabu inaandikwa, na mtu anaanza kulala. Na mzigo wa nusu unahakikisha kwamba hata akirudi na hasira iliyobaki, hasira hiyo haina fedha nyingi ya kuchezea.

Ya tano wifi aliisisitiza kuliko zote. "Wifi," aliniambia, "mtu akiwa na mzigo ghalani, kila sheria anaiona mbovu." Ni kweli. Anayetaka kubadili bei ya kukubali hasara wakati bei inashuka hajapata wazo jipya. Ni mtego unaongea kwa sauti yake. Badilisheni sheria ghala likiwa tupu.

Lilivyojaribiwa

Msisahau kwamba daftari haliongezi bei ya mahindi. Msimu uliofuata walianza na 1,160,000. Sehemu ya kumi ni 116,000. Gunia lilikuwa 45,000 na gharama 3,000. Bei ya kukubali hasara waliandika 41,000, kwa hiyo kila gunia lingepoteza 7,000. Wakanunua magunia 16.

Bei ikashuka. Ilipogusa 41,000 kaka alikaa kimya siku mbili, ya tatu akauza. Hasara 112,000. Mwezi mmoja baadaye bei ilikuwa 47,000.

Alinipigia simu siku hiyo. "Dada, daftari la wifi yako limenila." Nikamwuliza kama alinunua kitu ndani ya zile siku kumi na nne. "Sikununua." Nikamwuliza amebakiwa na kiasi gani. Akatulia. "Milioni moja na arobaini na nane elfu." Mwaka uliotangulia, hasara ya kwanza ilimletea ya pili iliyomla 815,000. Mwaka huu ya kwanza ilikuwa ya mwisho.

Kuanzia hapo wifi aliongeza safu mbili kwenye kila ukurasa. Moja inasema *faida au hasara*. Nyingine inasema *tulifuata sheria, ndiyo au hapana*. Mwisho wa msimu wanasoma safu ya pili kwanza. Mzigo uliopata hasara kwa kufuata sheria unaitwa gharama ya biashara. Mzigo uliopata faida kwa kuvunja sheria ndio wanaoujadili mpaka usiku, kwa sababu huo ndio unaomfundisha mtu kuvunja tena, na siku nyingine haitakuwa faida.

Uliwahi kutokea mmoja. Kaka alinunua maharage bila saini ya mkewe, akapata faida ya 60,000. Wifi aliandika *hapana* kwa wino mwekundu, na fedha ile haikuingia kwenye mtaji. Ilinunua sare za shule.

Leo hawajafika 3,480,000. Wamepita milioni moja na laki nane, wanapanda polepole, na hawadaiwi.

Na ile iliyo kwenye simu

Wazazi wengi mmeniuliza kuhusu vijana wanaotredi foreksi kwa simu. Mitego ni ileile miwili, ila mwendo ni mwingine. Kaka alihitaji miezi mitatu na barabara ya matope kupoteza theluthi mbili. Kwenye simu inawezekana kabla chai haijapoa, kwa sababu kampuni humkopesha mchezaji nguvu. Mwenye shilingi 100,000 anaweza kushika biashara ya 10,000,000, na bei ikisogea asilimia moja tu upande mbaya, fedha yake imekwisha. Ule mkopo wa kikoba unaokatazwa na sheria ya kwanza, huku umo ndani ya kitufe.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya akaunti 100 za watu wa kawaida kwenye biashara za namna hiyo, 74 hadi 89 hupoteza fedha. Kijana akikuambia yeye ni mmoja wa wale waliobaki, usigombane naye. Mwombe daftari. Mwambie akuonyeshe biashara zake 20 za mwisho kwenye historia ya simu, na mtazame saa pamoja. Ukiona hasara, kisha dakika tano baadaye biashara yenye ukubwa mara mbili, kisha nyingine mara nne, umeona maharage ya kaka yangu.

Kwake siku kumi na nne ni nyingi mno kuzivumilia, basi aanze na hii: hasara mbili kwa siku, simu inazimwa hadi kesho, na kiwango cha kila biashara kisipande baada ya hasara. Asiyeweza kutii hilo kwa wiki mbili ameshajijua, na ni bora ajijue akiwa na laki moja kuliko akiwa na fedha ya shamba la baba.

Jumapili iliyopita nilikuwa Mishamo. Jiko la wifi limeezekwa. Daftari linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kaka aliingia kutoka nje akiwa na habari: malori mawili yameingia na bei imeruka. Wifi hakuinua kichwa kwenye sufuria. "Andika tarehe," alisema, "halafu uhesabu siku saba."

Akaandika, akaketi, tukala.